Nimonia ya Ndama Bandani: Upepo, Hewa na Siku za Tiba

Nimonia ni uvimbe wa mapafu. Vijifuko vidogo vya hewa, ambamo damu hupokea oksijeni, hujaa majimaji na usaha, na sehemu ya pafu iliyokuwa laini na nyepesi hugeuka nyekundu iliyoiva, nzito na ngumu kama ini. Kwa ndama wanaolelewa ndani ya banda, ugonjwa huu hushika zaidi kati ya wiki ya tatu na mwezi wa tano wa umri. Ndama anaweza kupona kabisa, anaweza kufa ndani ya siku chache, au anaweza kubaki hai na pafu lenye makovu ambalo litamsumbua hadi ukubwani. Njia ipi atakayoifuata hutegemea sana saa ambayo mfugaji alitambua kwamba kuna jambo.

Umbile la ng'ombe lenyewe linachangia. Mapafu yake ni madogo yakilinganishwa na ukubwa wa mwili, kwa hiyo hana akiba kubwa ya pumzi ya kutumia sehemu moja inapoharibika. Uharibifu kwa kawaida huanzia mbele na chini, kwenye ncha za pafu zilizo karibu na moyo, nyuma ya miguu ya mbele. Njia za hewa za sehemu hiyo zinaelekea chini, na kamasi na vumbi vikishaingia huko huwa vigumu kutoka. Daktari wa mifugo anayemsikiliza ndama huweka kifaa chake hapo kwanza, chini ya kwapa, kabla ya kupanda juu ya mbavu.

Mara nyingi nimonia si kazi ya kijidudu kimoja. Virusi hutangulia na kuharibu utando wa koo na njia za hewa, wenye vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kusukuma uchafu urudi juu. Vinyweleo vikishakufa, bakteria ambao siku zote huishi puani mwa ndama bila kumdhuru hushuka hadi ndani ya mapafu na kuzaliana. Hao, hasa wa jamii ya pasteurela, ndio wanaofanya uharibifu mzito. Aina nyingine ya vijidudu, mikoplazma, huingia taratibu zaidi na ni mgumu kutibika. Kwa kuwa dawa ya antibiotiki haiui virusi, inachofanya ni kuwakabili bakteria walioingia nyuma yake, na inafanya hivyo vizuri pale tu wanapokuwa bado wachache na pafu bado linapitisha damu ya kuifikisha dawa mahali pake.

Umri wa wiki nne hadi nane ni wa hatari kwa sababu inayoeleweka. Ndama huzaliwa karibu bila kinga, na kinga yake ya kwanza huipata kwenye dang'a. Ndama wa kilo 35 anahitaji kama lita tatu na nusu za dang'a ya kukamuliwa mara ya kwanza, ndani ya saa sita baada ya kuzaliwa, kwa sababu utumbo wake huanza kufunga mlango wa kupitisha kinga hiyo mapema na ndani ya siku moja umeshaufunga. Kinga ya kuazima hupungua kadiri wiki zinavyopita, na ile yake mwenyewe bado haijakomaa. Ni katika wiki hizo hizo mfugaji hupunguza maziwa, humkata pembe, au humhamishia kwenye chumba cha ndama wengine. Mambo hayo yakifanyika kwa wiki moja, tena wakati wa baridi, nimonia huwa imefunguliwa njia.

Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania zinaonyesha tatizo hili waziwazi. Njombe, Makete na Rungwe zina wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa wanaofuga bila kuchunga, na miezi ya Juni hadi Agosti usiku huwa wa baridi kali wakati mchana jua linaweza kuwaka. Hali kama hiyo iko Limuru na Nyandarua upande wa Kenya. Chumba cha ndama katika mabanda mengi ya huko huwa pembeni mwa banda la ng'ombe wakubwa. Sakafu yake ni kichanja cha mbao au mirunda iliyoinuliwa kutoka ardhini, ikiachiana nafasi ili mkojo na samadi vidondoke chini. Ukuta ni wa mbao au mabanzi, na paa ni la bati.

Kichanja ni wazo zuri. Ndama anayelala pakavu anapata kuhara kidogo na manyoya yake yanabaki makavu. Lakini nafasi zile zile zinazopitisha mkojo kwenda chini hupitisha upepo kuja juu, na ndama aliyelala juu ya mbao tupu hupulizwa tumboni usiku kucha. Mfugaji husikia baridi hiyo, humwonea ndama huruma, na hufanya anachoona ni sahihi: hutundika viroba na maturubai kuzunguka chumba chote, kuanzia chini hadi kwenye bati. Chini ya kichanja mara nyingi hubaki wazi kama palivyokuwa. Matokeo ni chumba chenye hewa iliyofungwa juu na upepo unaopenya chini, yaani ndama amenyimwa alichohitaji na kuachiwa kinachomdhuru.

Hapo ndipo kiini cha suala la banda kilipo, na inafaa kwenda nalo polepole. Upepo unaompiga ndama na hewa inayobadilishwa bandani ni vitu viwili tofauti, ingawa vyote ni hewa inayotembea. Tofauti yake ni mahali na kasi. Hewa inayopita taratibu juu ya kichwa cha ndama na kutokea upande wa pili huchukua unyevu, harufu ya mkojo na vijidudu alivyokohoa, na haimpunguzii joto. Hewa hiyo hiyo ikipita kwenye mgongo wake kwa kasi ya zaidi ya nusu mita kwa sekunde, mwendo ambao mtu huusikia kidogo tu shavuni, humnyang'anya joto la mwili kila sekunde aliyolala.

Ndama mchanga aliye mahali pakavu na patulivu huvumilia baridi hadi nyuzi joto 15 au 10 hivi bila kulazimika kuchoma akiba yake ili kujipasha. Akiwa amelowa, au akiwa kwenye upepo, mpaka huo hupanda, na usiku ambao kwa ndama mkavu ungekuwa wa kawaida humfanya atumie maziwa yote aliyokunywa kwa ajili ya joto tu. Hakibaki cha kukua wala cha kujenga kinga. Upepo wenyewe hauleti nimonia, kwa kuwa hauna vijidudu. Unachofanya ni kumwacha ndama bila nguvu ya kupambana na vijidudu alivyo navyo tayari.

Hewa iliyofungwa hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndama hutoa mvuke kwa kila pumzi, na mkojo unaooza kwenye matandiko hutoa gesi ya amonia. Katika hewa yenye unyevu mwingi, vijidudu vilivyorushwa kwa kikohozi huishi muda mrefu na kuelea hadi vivutwe na ndama mwingine, au na yule yule tena kwa wingi zaidi. Amonia nayo huwasha na kuchubua utando wa njia za hewa na kudhoofisha vile vinyweleo vya kusukuma uchafu. Ndama wanaovuta pia hewa inayotoka kwa ng'ombe wakubwa waliokomaa kinga hupokea vijidudu ambavyo hao wakubwa hawaugui, na ndiyo maana chumba cha ndama hakipaswi kuwa upande ambao upepo unaelekea baada ya kupita kwenye zizi la wakubwa.

Wengine hutegemea kwamba joto la wanyama litapanda juu na kutoka lenyewe kupitia tundu la paa. Kwa banda lililojaa ng'ombe wakubwa hilo hutokea. Ndama wawili au watatu wadogo hawatoi joto la kutosha kuinua hewa ya chumba, kwa hiyo tundu juu ya paa peke yake haliwasaidii. Chumba chao hutegemea upepo wa nje upite juu, ukiwa umepunguzwa kasi.

Marekebisho ya chumba cha kawaida si ghali, na yanaanzia chini. Upande wa chini wa kichanja, ule unaotazama upepo, huzibwa kwa mbao, matofali au udongo, na upande wa pili huachwa wazi kwa ajili ya kuondoa samadi. Ukuta wa pembeni huzibwa bila pengo hadi kimo cha kama mita moja na sentimita ishirini, yaani juu kidogo ya mgongo wa ndama aliyesimama. Kutoka hapo hadi kwenye paa huachwa wazi. Upande unaopigwa na upepo mkali na mvua unaweza kuwekewa mbao za upana wa sentimita kumi zilizosimamishwa wima, zikiachiana nafasi ya sentimita mbili na nusu, ambazo huvunja kasi ya upepo bila kuzuia hewa. Viroba vikitumika, vinapaswa kuishia kimo hicho hicho cha ukuta. Kiroba kinachofika kwenye bati ni kosa hata usiku wa baridi kuliko zote.

Juu ya mbao za kichanja huwekwa matandiko mengi: nyasi kavu, mabua ya ngano au maranda yaliyokauka. Kipimo ni kumtazama ndama akiwa amelala. Miguu yake ikiwa imezama na kufichika kwenye matandiko, amejitengenezea kiota na ana joto. Miguu ikionekana yote, matandiko ni machache. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha matokeo ya kuchunguza mabanda ya ndama wakati wa majira ya baridi, na mambo matatu yalihusiana na kupungua kwa magonjwa ya njia ya hewa: matandiko yanayomfunika ndama miguu, ukuta usiopitisha kitu kati ya ndama na ndama, na hewa yenye bakteria wachache ndani ya kizimba chenyewe. Baridi ya Wisconsin haifanani na ya Makete, lakini ndama ni yule yule. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba kadiri kizimba kilivyozibwa pande nyingi zaidi, ndivyo bakteria walivyoongezeka katika hewa yake. Kuziba ni kwa kiasi, na ni kwa upande unaohitaji.

Mfugaji anaweza kupima chumba chake bila kifaa chochote cha kununua. Alfajiri, kabla ya kufungua kitu, huangalia upande wa ndani wa bati. Matone yaliyoning'inia au michirizi myeusi kwenye mbao za paa ni dalili kwamba unyevu haukupata pa kutokea. Kisha hupiga magoti juu ya matandiko kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Magoti yakilowa, ndama naye amelala kwenye maji. Akiwa bado amepiga magoti huvuta pumzi, kwa sababu harufu anayoisikia mtu aliyesimama si ile anayoivuta ndama aliyelala. Macho yakiwasha hapo chini, amonia imezidi. Mwisho huwasha kijiti cha udi, akizingatia kukiweka mbali na nyasi kavu, na kukishika kwenye kimo cha mgongo wa ndama aliyelala. Moshi ukipanda taratibu na kuondoka juu ndani ya dakika chache, chumba kiko sawa. Ukilala na kukimbia upande mmoja, upepo unapenya na chanzo chake hufuatwa kinyume na moshi. Ukibaki umening'inia chumbani, hewa haitoki. Jaribio hilo hufaa kurudiwa usiku penye upepo, maana banda lililo zuri saa saba mchana linaweza kuwa tofauti kabisa saa tisa usiku.

Dalili za kwanza za nimonia ni ndogo, na wakati wake bora wa kuonekana ni wakati wa kunywesha. Ndama mzima anapoona ndoo huinuka, hujinyoosha mgongo na kuja. Anayeanza kuugua huinuka wa mwisho, hajinyooshi, hunywa akipumzika katikati na kuacha kidogo kwenye ndoo. Masikio hulegea. Kamasi nyepesi kama maji hutiririka puani, naye hajishughulishi kujilamba, tofauti na ndama mzima ambaye pua yake huwa safi kwa sababu ulimi hauishi kupita hapo. Macho huanza kutoa machozi. Kikohozi kinaweza kuwapo au kisiwepo. Wafugaji wengi husubiri kikohozi ndipo waamini kuwa ni mapafu, na hapo hupoteza siku, kwa kuwa homa hutangulia kikohozi kwa saa nyingi na pengine kwa siku nzima.

Kwa hiyo chombo cha thamani kuliko vyote katika chumba cha ndama ni kipimajoto. Huingizwa kwenye njia ya haja kubwa, kikilazwa kiguse ukuta wa utumbo badala ya kuzama ndani ya kinyesi, na kusubiriwa hadi kitoe mlio. Joto la kawaida la ndama ni nyuzi 38.5 hadi 39.5. Likizidi hapo akiwa ametulia kivulini, kuna tatizo, na likifika 40 linahitaji kushughulikiwa siku hiyo. Pumzi huhesabiwa kabla ya kumgusa, ndama akiwa amelala, kwa kutazama ubavu unavyoinuka kwa dakika nzima. Ndama mdogo aliyetulia kwenye baridi huhema mara 30 hadi 40 hivi. Hesabu inayozidi 50 asubuhi ya baridi haielezeki kwa joto la hewa. Ndama anayehema kwa kusukuma tumbo, shingo akiwa ameinyoosha na mdomo wazi, amepita hatua ya mwanzo kwa mbali, na huyo ni wa dharura.

Si kila homa yenye kuhema ni nimonia ya banda. Katika Afrika Mashariki la kwanza kuondolewa shaka ni ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao mwishoni hujaza maji mapafuni na kuleta kukohoa na povu puani. Ndama wa bandani pia huupata, kwa kuwa kupe huja na majani yaliyokatwa. Alama yake ni kuvimba kwa matezi, hasa lile lililo chini ya sikio na lile lililo mbele ya bega, na mkono ukipitishwa hapo huyasikia. Tofauti hii ni ya uhai na kifo, kwa sababu antibiotiki za nimonia haziponyi ndigana kali, ambayo ina dawa yake, buparvakwoni, na haisubiri. Pakiwa na shaka, mtaalamu huchukua ute wa tezi na damu kwa ajili ya darubini. Homa ya mapafu ya ng'ombe, ule ugonjwa wa kuambukiza unaotakiwa kuripotiwa serikalini, nayo ni tofauti. Husambaa kwa ng'ombe wakubwa kundini, na mfugaji akiona wakubwa kadhaa wanakohoa na kukonda hapaswi kujitibia kimyakimya.

Kuna pia nimonia inayosababishwa na mkono wa mnyweshaji. Maziwa au dawa ya maji ikimiminwa kwa nguvu mdomoni, kichwa kikiwa kimeinuliwa juu kupita usawa wa macho, sehemu huingia mapafuni. Tundu la chuchu ya chupa lililopanuliwa ili ndama anywe haraka hufanya hivyo hivyo. Ndama anayekohoa wakati wa kunywa na kutoa maziwa puani anatoa taarifa juu ya chupa hiyo.

Mwenendo mzima wa tiba unaeleweka vizuri kwa kufuatilia mfano wa ndama jike mmoja, chotara wa Friziani, mwenye wiki saba, katika banda la Njombe mwezi wa Julai. Jioni ameacha nusu lita kati ya lita mbili na nusu alizopewa. Kipimajoto kinaonyesha 39.8 na pumzi ni 48. Peke yake taarifa hii inatosha kumtenga kwenye kizimba kikavu, kumwongezea matandiko na kumwita daktari asubuhi, huku vipimo vikiandikwa kwenye daftari au kwa chaki kwenye ubao wa mlango. Asubuhi homa imefika 40.5, pumzi 62, na amekohoa mara mbili. Daktari anapapasa matezi na kukuta ni ya kawaida, anasikiliza mapafu na kusikia mikwaruzo chini ya kwapa la kulia.

Kabla ya sindano ndama anapimwa uzito kwa utepe unaozungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele. Utepe unasema kilo 62. Kukisia kwa macho ni chanzo kikubwa cha dozi pungufu. Mtu akisema kilo 40, ndama atapata theluthi mbili tu ya dawa aliyohitaji, na bakteria watakaobaki ni wale waliostahimili. Daktari anachagua oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ya kukaa muda mrefu mwilini, ambayo dozi yake ni mililita moja kwa kila kilo kumi. Kwa ndama huyu ni mililita 6.2, zinazogawanywa sehemu mbili kwenye misuli ya shingo, kushoto na kulia. Kwingine daktari angeweza kuchagua florfenikoli au dawa nyingine kulingana na ukali wa ugonjwa na dawa zilizokwisha kutumika shambani hapo. Anaongeza sindano ya kupunguza uvimbe na maumivu, meloksikamu, ambayo humrudishia ndama hamu ya kunywa.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Asubuhi ya pili homa imeshuka hadi 39.4, ndama amesimama na amemaliza maziwa. Sehemu ya unafuu huo umetokana na meloksikamu, ambayo hushusha homa yenyewe bila kuua bakteria hata mmoja na huendelea kufanya kazi kwa zaidi ya siku moja. Kushuka kwa homa siku ya pili ni habari njema isiyotosha. Kinachosema zaidi ni pumzi, ambazo bado ni 54, kwa kuwa pafu lililojaa usaha halifunguki kwa siku moja. Kwa hiyo vipimo vinaendelea asubuhi na jioni, saa zile zile. Siku ya tatu homa ni 39.2 na pumzi 46. Siku ya nne, saa 72 baada ya sindano, daktari anarudi na kusikiliza. Mikwaruzo imepungua ila haijaisha, na ndama anakohoa akitembezwa hatua chache. Anachomwa dozi ya pili. Mfugaji ambaye angeona ndama anakunywa na kuokoa gharama ya dozi hii angekuwa na ndama yule yule mwenye homa siku ya nane au ya tisa, safari hii na bakteria wagumu zaidi.

Pale ambapo dawa ya kila siku imetumika, kama mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini, siku zilizoagizwa humalizwa zote, kwa kawaida tatu hadi tano, hata kama ndama anarukaruka siku ya pili. Na mambo yakienda vibaya, daftari huonyesha mapema. Homa iliyobaki juu ya 40 saa 48 baada ya sindano, au pumzi zinazopanda badala ya kushuka, maana yake ni kwamba dawa haifai kwa bakteria hao, au ugonjwa si huo, au pafu limeharibika kuliko ilivyodhaniwa. Daktari huitwa tena hapo hapo. Kununua chupa nyingine dukani na kuichoma juu ya ile ya kwanza ni kumfunga macho daktari atakayekuja baadaye.

Katika siku hizo zote maziwa hayakatizwi. Ndama mgonjwa akishindwa kumaliza kwa mara moja hupewa kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku, ya uvuguvugu, na maji safi huwa mbele yake muda wote, maana homa na kuhema humkausha. Asiyenyonya hamiminiwi kwa chupa ya soda. Hulishwa kwa mpira wa kupitisha tumboni na mtu aliyefundishwa kuutumia. Ndama wa vizimba vya jirani nao hupimwa joto kila siku kwa wiki nzima, kwa sababu ndama wa kwanza kuonekana mgonjwa kwa nadra huwa peke yake aliyeambukizwa. Viroba vilivyofika kwenye bati hushushwa siku hiyo hiyo ya kwanza, si baada ya ndama kupona.

Ndama wa mfano ana homa ya 38.9 siku ya saba na pumzi 36. Hata hivyo hajarudi kuwa mzima. Pafu hujisafisha kwa wiki kadhaa, na katika muda huo hahamishwi chumba, hakatwi pembe, wala haachishwi maziwa. Hupimwa joto mara moja kila baada ya siku mbili hadi wiki mbili zitimie, na homa ikirudi ndani ya muda huo huhesabiwa kuwa ni ugonjwa ule ule usiokwisha. Sikio moja lililoendelea kulegea na kichwa kilichoinama upande mmoja baada ya homa kuisha huashiria kwamba vijidudu, mara nyingi mikoplazma, vimeingia ndani ya sikio, na tiba ya hapo huwa ndefu.

Kipimo cha mwisho cha kupona ni utepe ule ule wa kifuani, unaopitishwa kila wiki siku moja. Ndama anayepona hupoteza uzito au kusimama kwa wiki moja au mbili, kisha huanza tena kuongezeka karibu na wenzake wa umri wake. Yule ambaye baada ya wiki sita bado amesimama, manyoya yamesimama, na hukohoa kila akikimbia, ana sehemu ya pafu iliyokufa au jipu ndani yake, na sindano zaidi hazitaifungua. Mtamba wa namna hiyo huchelewa kufikia uzito wa kupandishwa na kuzaa mara ya kwanza. Akiwa ni dume wa kuuzwa kwa nyama, daftari lile la tiba ndilo linaloonyesha siku ya sindano ya mwisho, ambayo muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa ya dawa huanza kuhesabiwa hapo kabla hajachinjwa.